Ukiona Nimeanza Kujicheka, Jishike

Juzi tulikuwa na wageni nyumbani, watu sita tu, pilau na kachumbari. Nikafungua mdomo nikasema, "Jamani mnisamehe, mimi kwenye kupika Mungu aliniruka. Wali wangu wa kwanza nilioupika kwenye ndoa hii ungeweza kujengea ukuta." Wageni wakacheka. Mume wangu hakucheka. Aliweka kijiko chini, akajifuta mdomo, akaniangalia kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano. Akasema, "Haya mama, leo nimefanya nini?"

Yaani ameshanijua! Miaka saba ya ndoa imemfundisha kwamba mke wake akianza kujisema mwenyewe mbele ya watu, zamu inayofuata ni yake. Na kweli nilikuwa nimemwandalia kisa cha yeye na jiko la gesi. Nikakimeza. Utani ambao mlengwa ameuona unakuja hauna ladha tena.

Nilijifunza ujanja huu kwenye sherehe. Kwa sababu nilisomea mawasiliano chuo kikuu, marafiki zangu wanaamini nilisomea kuongea, basi kila sendofu na kila kichen pati naambiwa, "Wewe utasema neno kwa niaba ya marafiki." Dakika tano, maikrofoni inayokwaruza, na watu mia mbili wanaowaza chakula. Kazi yangu ni kumtania bibi harusi au bwana harusi mpaka ukumbi uamke, bila ugomvi wa koo mbili.

Sasa, kama wewe na huyo mlengwa ni watani, kazi ni nyepesi. Mimi ni Mpare. Nikisimama mbele ya Wachaga sihitaji utangulizi. Naweza kuwaambia kwamba wamekuja kuhesabu viti na bei yake, nao watanijibu kwamba sisi Wapare tuko tayari kuuza ng'ombe ili tuendeshe kesi ya mbuzi, maisha yanaendelea. Kibali kile tulipewa na wazee. Ndivyo ilivyo kwa Wangoni na Wahehe, waliopigana vita vikali karne ya 19 na leo wanataniana mpaka misibani. Mtani anaweza kumuigiza marehemu mbele ya wafiwa na hakuna wa kumnyanyua kola.

Lakini bwana harusi akiwa ametoka mahali ambako sina utani napo? Hapo sina kibali. Inabidi nikikope, na dhamana ninayoweka ni mimi mwenyewe.

Nikupe mfano uliofanikiwa. Rafiki yangu mmoja aliolewa na kijana mpole, mhasibu, mwenye tatizo moja tu: kuchelewa. Siku ya sendofu pale Sinza upande wa bwana harusi ulifika saa nzima nyuma ya ratiba, na kamati ilikuwa imenuna. Kila mtu ukumbini alikuwa na hilo neno mdomoni na hakuna aliyethubutu kulitamka. Shemeji mwenyewe alikaa wima kama anapigwa picha ya pasipoti.

Nikaanza, "Mimi ndiye yule dada aliyechelewa kwenye ndoa yake mwenyewe kwa saa moja na nusu. Nilipofika, padri alikuwa ameanza kuwaangalia wasimamizi kama kuna aliye tayari." Kicheko. Nikaongeza kwamba mama yangu hadi leo akinialika chakula cha mchana ananiambia ni chai ya asubuhi. Kicheko tena, na shemeji naye akacheka, mabega yakashuka. Hapo ndipo nilipogeuka. "Nikajua mimi ndiye bingwa wa mkoa. Mpaka nikakutana na shemeji yangu huyu. Jamani, huyu akipigiwa simu anasema niko Ubungo. Kumbe yuko Ubungo kweli, nyumbani kwao, anatafuta soksi." Ukumbi uliinuka. Bwana harusi alilala kwenye meza akicheka, mama yake akawa anampiga mgongoni kwa furaha. Kamati ikanunuka.

Angalia kilichotokea pale. Sikujisema jambo lolote tu, nilijisema kwenye kosa lilelile ninalotaka kumrushia. Ningeanza na unene wangu halafu nikaruka kwenye uchelewaji wake, angebaki na swali lake halali kabisa: "Na wewe je?" Nilishalijibu kabla hajauliza. Tena kosa langu lilikuwa kubwa kuliko lake, kwa hiyo alipoingia kwenye mizani alijikuta mwepesi. Na ukumbi nao ulipata ruhusa. Watu wengi hawapendi kuonekana wanamcheka mtu kwa udhaifu wake, lakini wakishaucheka udhaifu huo kwa mwenye nao aliyejitoa mwenyewe, aibu inakuwa imeshapungua anapofika wa pili.

Wamarekani wana shughuli kama hii wanaiita rosti, na usifikirie nyama ya mchuzi. Ni hafla ya kumchoma mtu kwa maneno huku mwenyewe amekaa pale anatabasamu. Ukitaka kuona hatua hii ikichezwa na fundi, tafuta video ya Barack Obama kwenye chakula cha jioni cha waandishi wa habari wa Ikulu yao, Washington, tarehe 30 Aprili 2011. Wakati ule Donald Trump alikuwa amevalia njuga madai kwamba rais hakuzaliwa Marekani, na siku tatu kabla Obama alikuwa ametoa cheti chake kirefu cha kuzaliwa. Trump alikuwa mmoja wa wageni ukumbini.

Obama hakumvamia. Alianza na yeye mwenyewe na kile cheti, akasema atakwenda mbali zaidi na kuonyesha video ya kuzaliwa kwake. Ikawekwa ile katuni ya Disney ya mtoto wa simba anayeinuliwa juu ya mwamba, Afrika hiyo, na wanyama wanashangilia. Alichukua tusi alilorushiwa akalivaa kama kanzu. Baadaye ndipo alipomgeukia Trump, akasema sasa mheshimiwa anaweza kurudi kwenye mambo mazito, kama vile kuchunguza iwapo binadamu alifika mwezini kweli. Kisha akamsifia kwa uamuzi mgumu wa kumfukuza mwigizaji kwenye kipindi chake cha televisheni. Ukumbi ulivunjika mbavu. Mwenyewe alikaa, uso umekaza. Naipenda sana ile video, lakini huwa nakumbuka kwamba ulinzi ulioshushwa pale ulikuwa wa ukumbi zaidi kuliko wa mlengwa. Walikuwa mahasimu, na hasimu hasogei kwako kwa sababu umejicheka. Anayesogea ni rafiki, na ndiyo maana rafiki ndiye anayeumia.

Hapa sasa ndipo pananiuma mimi.

Miaka michache iliyopita tulimfanyia rafiki yetu sherehe ndogo ya kuzaliwa, nyumbani kwa mtu, watu kama ishirini. Ni rafiki wa tangu bwenini, tumegawana hadi dawa ya meno. Alikuwa ametoka kufunga saluni yake. Nikapewa nafasi, na kichwani nikawa na kitu changu tayari. Nikasimulia biashara yangu ya kuku wa kisasa: vifaranga 200, banda jipya, na mimi msomi nisiyejua kwamba kuku wanahitaji chanjo. Kideri kikapita. Nikasimulia jinsi nilivyozika kuku wiki nzima, na jinsi majirani walivyoanza kunipa pole kama nimefiwa. Watu walicheka sana, na yeye alicheka kuliko wote, akaja hadi akaniegemea bega.

Nikageuka. "Lakini angalau mimi kuku wangu walikufa kwa ugonjwa. Mwenzangu huyu saluni yake ilikuwa na wateja wawili tu waaminifu, mimi na mtu wa mkopo."

Kila mtu alicheka. Yeye alicheka pia, ila alicheka mapema mno, kabla sijafika kwenye mtu wa mkopo, na alikuwa akiangalia keki. Leo najua kuisoma alama ile. Mtu aliyepatwa na kicheko cha kweli huchelewa kidogo, halafu hutafuta macho ya mtu mwingine wacheke pamoja. Aliyeumia hucheka haraka ili jambo lipite, na hamtazami mtu.

Hakunipigia simu wiki ile. Nilipompigia mimi, alikuwa mtulivu, jambo ambalo kwake ni dalili mbaya. Akaniambia, "Ulianza kuvua nguo zako, nikadhani tunakwenda kuoga wote. Nikavua na mimi. Kumbe mwenzangu ulikuwa umevaa nyingine ndani."

Sikuwa na jibu, na bado sina. Kuku wangu walikuwa wamekufa miaka tisa kabla, mtaji ulikuwa akiba yangu mwenyewe, na nilikuwa nimeajiriwa. Kwangu ilikuwa hadithi. Mkopo wake ulikuwa bado haujalipwa, na dhamana ilikuwa hati ya nyumba ya mama yake. Hilo nililijua, aliniambia mimi peke yangu. Kosa lilikuwa moja, kama kanuni yangu inavyotaka, ila kovu langu lilikuwa limekauka na kidonda chake kilikuwa kinavuja. Tena mimi niliweka wazi kitu ambacho kila mtu alishakijua, halafu nikaweka wazi kitu ambacho hakuna aliyekuwa akikijua. Mabega yake yaliposhuka kwa sababu yangu, mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kisu.

Tulikaa miezi minane bila kutembeleana. Meseji za sikukuu tu, zile za kutuma kwa watu wote.

Siku hizi kabla sijasimama na maikrofoni nampigia mlengwa, au mtu wake wa karibu, namuuliza jambo fulani limeisha au bado. Shemeji wa soksi, kwa mfano, alikuwa akijitania mwenyewe kazini kuhusu kuchelewa, hivyo sikumfunulia mtu siri. Na nyumbani nimekubaliana na mume wangu: pesa na ndugu zake haviguswi mbele ya wageni, jiko la gesi ruksa. Ndiyo maana juzi aliuliza tu, hakukasirika.

Rafiki yangu alirudi mwenyewe, kwenye ubarikio wa mwanangu, mwaka jana. Mkopo ulikuwa umeisha. Watu walipoombwa waseme neno, akanyanyuka yeye, akachukua maikrofoni, akasema, "Mimi kwenye mambo ya fedha, jamani, msinifuate. Nilifungua saluni, mpaka mtu wa mkopo akawa anasukwa bure." Ukumbi ukacheka. Akanywa maji kidogo, akageuka taratibu kuniangalia.

Nikaweka soda yangu chini, nikakaa vizuri.