Kata Kusubiri, Usikate Uamuzi

Sisi vijana wa kontenti tuna ugonjwa mmoja. Tunarekodi skrini ya laptopu tukimfundisha mtu kutumia mfumo fulani, tunaona video imekuwa ndefu, basi tunaiongeza kasi mara mbili yote kwa pamoja na kuipandisha. Mshale unaruka kama panzi, na mtazamaji anarudisha nyuma mara sita hadi bando linaisha. Sasa hapo umemwokolea muda gani? Maoni yangu ni haya: video ya mafunzo haifupishwi kwa kuikimbiza. Unakata yale ambayo mtazamaji hafanyi, halafu unampa nafasi pale anapotakiwa kuamua.

Nichukue mfano wa kazi yangu. Tangu niache chuo nafanya kontenti hapa Malindi, na kila mwaka Juni ikikaribia watu huniuliza video ya kuwasilisha ritani sufuri kwenye iTax. Wanaoihitaji ni kama vile vijana waliomaliza fomu foo, wakachukua PIN ya KRA kwa sababu ya mkopo wa masomo au kutafuta kazi, na mwaka mzima hawakuona kipato. Mwisho ni tarehe 30 Juni, kwa mwaka uliotangulia. Ukichelewa, faini ya mtu binafsi inaanzia shilingi 2,000. Kijana asiye na kazi kule Gede au Watamu atazitoa wapi?

Rekodi yangu ghafi ilikuwa dakika 11 na sekunde 20. Kabla ya kukata chochote niliitazama yote na kuandika muda umeenda wapi. Kurasa kufunguka zilikula dakika 4 na sekunde 10. Kuandika PIN na nywila, dakika 1 na nusu. Vituo vyangu vya "eeh, sasa hapa", dakika 2 na nusu. Vilivyobaki, dakika 3 na sekunde 10 tu, ndivyo vitendo vyenyewe. Yaani karibu robo tatu ya video haikuwa somo.

Nahariri kwa Kdenlive, ya bure. Unaweka kisu kwa `Shift+R` mwanzo wa kusubiri, tena mwisho wake, kisha `Shift+Delete` inaondoa kipande na kuziba pengo. Ugumu ni kujua mahali pa kukata. Ukikata palepale kidole kinapobonyeza, mtazamaji anaona ukurasa umebadilika bila kujua kilichobonyezwa. Mimi huacha nusu sekunde baada ya kubonyeza, na kipande kinachofuata naanzia nusu sekunde baada ya ukurasa mpya kutulia. Wakati wa kurekodi pia, ukurasa ukiwa unafunguka, toa mkono kwenye mausi. Ukiutembeza mshale huku na kule, baada ya kukata utaonekana umeruka kutoka pembe moja hadi nyingine, na jicho la mtu linaupoteza.

Halafu usifiche kwamba ulisubiri. Pale nilipokata naweka maandishi ya sekunde moja: "Subiri ukurasa ufunguke." Bila hayo, mtu mwenye mtandao wa kusuasua anadhani kwake kumekwama, anabonyeza tena na tena.

Tuje kwenye kuvuta karibu. Skrini ya laptopu ya inchi 15.6 ina upana wa karibu sentimita 34. Simu iliyoshikwa wima ina upana wa karibu sentimita 7. Kwa hiyo herufi ya milimita 3 kwako, kwa mtazamaji ni kama milimita 0.6. Hapo hakuna macho ya kusoma, hata ya kijana. Dawa ya kwanza inafanyika kabla ya kurekodi: bonyeza `Ctrl` na `+` kwenye kivinjari hadi asilimia 125 au 150, ili herufi zikue zenyewe bila kupoteza ung'avu. Dawa ya pili ni kwenye uhariri, kwa `Transform`. Lakini ukivuta picha ya kawaida zaidi ya mara mbili, herufi zinaanza kuwa na ukungu.

Na uvute mapema. Picha ianze kusogea kama sekunde moja kabla ya kubonyeza, itulie, ndipo mshale ubonyeze. Wengi huvuta baada ya kubonyeza, wakati kitu chenyewe kimeshatoweka. Namna rahisi ya kujipima: zima sauti, mpe mtu simu, muulize nimebonyeza wapi. Nilimpa rekodi ghafi jirani yangu, mama mmoja wa Shella, aliyekuwa anamtafutia mwanawe msaada. Akaniambia, "Mwanangu, mimi naona karatasi nyeupe tu na kidudu kinatembea." Hiyo ndiyo ripoti niliyohitaji.

Alama za kuonyesha, yaani duara, mshale au kisanduku cha maneno, watu wengi huzimwaga kila mahali. Kila kitu kikiwa na duara jekundu, hakuna kilichoonyeshwa. Mimi niliweka tatu tu, pale ambapo mkono ukikosea kuna gharama. Ya kwanza ni kwenye `Returns`: menyu inashuka ukiweka mshale juu yake, na ukiteleza nje inajifunga, kwa hiyo nikaandika "weka mshale, usiutoe". Ya pili ni ndani ya menyu hiyohiyo, maana kuna `File Return` na kuna `File Nil Return`. Hapo niligandisha picha sekunde mbili na kuzungushia ile ya sufuri. Ya tatu ni kwenye `Tax Obligation`, pa kuchagua `Income Tax - Resident Individual`. Kitufe cha `Next` hakihitaji duara, bana. Kinajieleza.

Kuna mtego mmoja wa kuvuta karibu ambao lazima niutaje. PIN yako inaonekana kwenye skrini, na unaifunika kwa kisanduku. Kama kisanduku kiko kwenye njia ya juu na picha ya chini ndiyo inayosogea, kisanduku kitabaki palepale na PIN itachomoza pembeni kwa fremu chache. Ukicheza video kawaida huoni, ila mtu akisimamisha anaisoma. Pita mwendo wote wa kuvuta fremu kwa fremu kwa vitufe vya mishale, na kisanduku ukisogeze pamoja na picha.

Video ilitoka dakika 4 kamili. Ningeweza kufika dakika 3 na nusu kama ningeondoa sekunde 30 za mwanzo, na rafiki yangu wa Mtwapa alinisukuma niziondoe: "Watu wanataka vitufe, si hotuba." Nilikataa. Sekunde hizo zinasema ritani hii ni ya asiyepata kipato chochote mwaka ule. Yule mama wa Shella alipoona ilivyo rahisi alicheka, akasema, "Basi na mimi nifanyie." Nikamwambia, "Mama, wewe unauza samaki. Una kipato, hii si yako." Akanyamaza, akauliza yake ni ipi, tukaanza mazungumzo mengine.

Ningekata zile sekunde 30, video ingekuwa nyepesi na ingemwongoza mama yule, hatua kwa hatua na kwa maduara mazuri mekundu, kutangaza jambo lisilo kweli kwa jina lake. Faini ingekuja kwake, si kwangu. Kwa hivyo ukikaa kuhariri, usijiulize tu mtazamaji atachoka wapi. Jiulize pia ni wapi, ukikata, yeye ndiye atakayelipa.