Babu, laptopu na picha za bibi

Basi bwana, mzee mmoja kaingia kwa fundi kompyuta pale Majengo, Dodoma, laptopu kaifunga kwenye kitenge utadhani kabeba mtoto. Katoka nayo Mpwapwa alfajiri.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Hii haiwaki, inazunguka tu. Wameniambia ipigwe Windows upya. Sasa picha za bibi yako zitapona?"

Bibi alishafariki. Picha zake zote zimo humo, na kopi nyingine hakuna.

Fundi mwenye haraka angebonyeza Format na kazi ikaisha. Huyu alichomeka kwanza flashi yenye Ubuntu, akachagua Try Ubuntu. Mfumo huo unawaka kutoka kwenye flashi yenyewe, haufuti kitu kwenye diski ya mteja. Mafaili ya babu yakatokea. Kumbe diski nzima, kilichokufa ni Windows tu.

"Ukiwasha ulikuwa unaziona wapi, babu?"

"Hapo hapo mbele, pameandikwa MAMA."

Fundi akakopi foda lote la Users kwenda kwenye diski ya nje, maana humo ndiyo zinakaa Desktop, Pictures na Downloads. Alipomaliza akafungua Desktop kwenye kopi. MAMA ipo, ila inasomeka `MAMA.lnk` na uzito wake haufiki hata KB 2. Picha moja tu ya simu inaizidi mbali!

Hapo akashtuka. Ile haikuwa picha, ilikuwa njia ya mkato tu, kile kialama chenye kamshale kinachokupeleka kwenye foda lililoko kwingine. Angefuta muda ule, babu angerudi Mpwapwa na kamshale kasikokwenda popote.

Akatoka nje ya Users, akaanza kupekua diski C yenyewe. Foda la MAMA hilo hapo, limekaa peke yake: picha 1,846, GB 7.2. Akalikopi, akahesabu upande wa pili. 1,846. Uzito ule ule. Bado hakuridhika, maana faili linaweza kuhesabika na lisifunguke. Akamgeuzia babu kioo.

"Chagua mwenyewe."

Babu akaonyesha moja ya juu, moja ya katikati, moja ya mwisho. Zote zikafunguka. Ya mwisho bibi anapepeta ulezi, anacheka. Babu akanyamaza kidogo, akajifuta macho na kitenge kile kile.

"Haya, futa sasa."

Ndipo Windows ikapigwa. Jioni foda likarudishwa mahali pake, lakini kopi ya kwenye diski ya nje fundi hakuifuta. Akamkabidhi babu.

"Hii usiiweke mfuko mmoja na laptopu. Mwizi akibeba mfuko, kabeba zote mbili."

Babu akaifunga diski kwenye leso, akaitia mfuko wa koti. Laptopu ndiyo ikarudi kwenye kitenge.