Wosia kwa Wajukuu Watakaosimulia

Wajukuu zangu,

Pumzi zangu zimepungua na barazani sikai tena usiku. Visa vya Abunuwasi mnavijua vyote, kwa hiyo sivirudii. Ninalotaka kuwaachia ni namna ya kunyamaza ndani yake.

Chukueni kile cha sufuria, ambacho Waturuki husimulia kumhusu Nasreddin Hoja. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kisufuria ndani yake. "Sufuria yako imezaa." Hapo tulieni kidogo, mtazame kama anavyotazama jirani: anajua ni uongo, lakini kisufuria anakitaka. Akikipokea, semeni polepole kwamba alikipokea. Msikilizaji hawezi kufungua ukurasa wa nyuma. Neno hilo likimpita, mwisho wa kisa hautamchekesha.

Mara ya pili sufuria haikurudi, na jirani akaja kuidai. "Jirani yangu, sufuria yako..." Nyamazeni kwa pumzi moja, nyuso zenu zikiwa za msiba, kisha: "imekufa." Mkiunganisha maneno hayo bila kituo, kicheko kitakuja kimoja kimoja, kwa sababu kila mtu anakiwahi kisa kwa wakati wake. Mkikawia mno, mtoto mmoja mkekani atalitamka "imekufa" kabla yenu, na kisa kitakuwa chake.

Wakicheka, msiseme juu ya kicheko. Wala msingoje kiishe kabisa, maana baraza litapoa. Kikianza kushuka, mleteni jirani: "Tangu lini sufuria ikafa?"

Wasimuliaji wengi hukosea hapa. Wameona kituo cha kwanza kimefaa, basi wanaweka kingine kabla ya jibu. Msikiweke. Swali la jirani limekwisha kuwapa watu jibu nusu, na ukimya utawapa nusu iliyobaki. Jibuni papo hapo: "Ulipokubali imezaa, mbona hukubali imekufa?" Kisha fungeni midomo, msieleze kitu.

Kitabuni mambo ni mengine. Macho ya msomaji yanatangulia. Akiwa bado kwenye "sufuria yako" amekwisha kuliona "imekufa" mbele yake. Nukta tatu hazimzuii, na mwandishi akiandika "akanyamaza kitambo" anaongeza maneno pale palipotakiwa pasiwe na neno. Silaha yake ni mpangilio: alisogeze neno la kuchekesha hadi mwisho kabisa wa sentensi, au aanze aya mpya. Mwendo ni wa msomaji, naye husoma peke yake, bila kicheko cha jirani cha kumwambukiza. Ndiyo maana kisa kilichowavunja watu mbavu barazani huweza kumpa msomaji tabasamu tu, bila kosa la mwandishi.

Kwa hiyo mkikitoa kisa kitabuni, msikikariri neno kwa neno. Kisomeni, kifungeni kitabu, mkisimulie kwa sauti mkiwa peke yenu, mtafute pumzi inapokatika. Usiku wa kwanza anzeni na hiki cha sufuria. Kina kituo kimoja kikubwa tu, na mtakisikia kikikosewa.

Babu yenu