Obokote: « Nipe ile dawa ya siku ile »

Jioni, mama mmoja aliyekimbia kijiji chake aliingia katika duka dogo la dawa, mtoto mgongoni.

« Papa, nipe ile dawa ya siku ile. Ya manjano. »

« Mama, za manjano ziko nyingi. Ilikuwa ya nani? »

« Ya mtoto mkubwa, ya malaria. Alikunywa viwili viwili. »

« Na leo nani anaumwa? »

« Huyu mdogo. Mwili ni moto. »

Papa akamweka mtoto kwenye mizani: kilo 12.

« Ile ni artemeta na lumefantrini. Viwili ni vya kilo 15 hadi 24. Huyu, kama ni malaria, ni kimoja: cha pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni mpaka vitimie 6. Lakini homa si malaria kila mara. Nenda kwanza kituo cha afya, wamtoboe kidole. Akitapika kila kitu, akikataa kunyonya au akishikwa na degedege, usingoje kuche. »

« Na ile karatasi ya dawa? »

« Siku nyingine usiitupe, mama. Rangi haisemi jina. »

Mama akafunga noti zake kwenye kitenge, akashika njia ya kituo.