Povu kwenye Shingo ya Mtungi

Namshukuru Mungu kwamba mimi na wanangu tungali hai, na jirani yetu wa chini yungali hai. Tunakaa Kasubi, kwenye mteremko unaoshuka kutoka Masiro, makaburi ya makabaka, kuelekea Barabara ya Hoima. Tumepanga mizigo, vile vyumba vilivyoshikana kwa mstari, mstari mmoja chini ya mwingine, na mtaro wa maji ya mvua unapita mbele ya milango. Mteremko huo ndio uliotaka kutuua.

Jioni ile kijana wa boda aliniletea mtungi wa kilo 13, akaufunga regyuleta, akaondoka na ule mtupu. Nikapika, nikazima jiko, nikakaa kushona. Sikusikia harufu yoyote. Binti yangu aliporudi kutoka dukani ndiye aliyesimama mlangoni akasema, "Mama, mbona kunanuka kama kabichi iliyooza?" Nilipovuta pumzi kwa makusudi nikapata harufu kidogo tu. Gesi yenyewe haina harufu. Uvundo ule hutiwa makusudi kabla haijauzwa ili watu washtuke. Lakini pua ikishinda na harufu hiyo huizoea, ikaacha kuisikia. Kwa hiyo anayeingia kutoka nje ndiye wa kuaminiwa, na harufu ikififia bila mtu kufunga kitu, hiyo si dalili kwamba hatari imepita.

Giza lilikuwa limeshaingia, na binti alikuwa amenyoosha mkono awashe taa ya jikoni. Nikamwambia, "Usiguse swichi!" Swichi hutoa cheche ndani yake unapoiwasha, na hutoa cheche vilevile unapoizima. Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka, ikabaki inawaka. Friji sikuichomoa. Simu niliiacha mezani.

Mtungi ulikuwa hatua chache tu kutoka nilipokaa, na sikusikia mvumo wa gesi. Nikaufikia, nikageuza swichi ya regyuleta hadi ikafunga. Kama ungekuwa unavuma, au kama harufu ingekuwa imenikaba, ningeuacha hapohapo na kutoka, maana mtungi hulipwa. Nikafungua mlango wote na dirisha, nikawatoa watoto, nikawaambia wapande juu, wasishuke.

Juu, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu hadi mara mbili. Haipandi darini. Hutambaa sakafuni kama maji, ikavuka kizingiti, ikafuata mtaro kwenda bondeni. Ndiyo maana mlango wazi husaidia kuliko dirisha lililo juu. Na chini ya mtaro wetu alikuwa jirani yetu Nnalongo, amekaa kando ya sigiri yake, maharage yanachemka.

Nikazunguka nyuma ya nyumba, mbali na mtaro, nikamwita. "Nnalongo, gesi inavuja kwangu. Ondoa moto huo hapo, kisha mje juu na watoto." Harufu ilikuwa haijamfikia. Akaibeba sigiri kwa masikio yake, akaipeleka upande wa pili ambako mtaro haufiki, kisha akapanda na wajukuu zake. Kama angekuwa ameshaanza kuisikia harufu pale alipokaa, ningemwambia aache maharage, aache sigiri, akimbie tu. Tukiwa barabarani ndipo tukampigia fundi kwa simu ya jirani. Kama kungezuka moto, au kama gesi ingegoma kufungika, tungepiga 999 au 112.

Tukiwa pale nje mtu mmoja alisema tunajisumbua, kwamba gesi iliyovuja ni kidogo. Fundi alipofika alimpigia hesabu. Jikoni kwangu ni mita tatu kwa tatu, na dari iko kwenye mita mbili na nusu, yaani mita za ujazo kama 22. Gesi ikifika asilimia 2 hivi ya hewa ya chumba, cheche moja inatosha. Hiyo ni kama lita 450 za gesi, na kilo moja tu ya gesi ya mtungi ikitoka hutoa kama lita 500. Kwa hiyo chini ya kilo moja, kati ya zile 13, ingetosha kuharibu chumba kizima. Tena haingoji kujaza chumba, kwa kuwa hukusanyika chini kwanza.

Tulilala kwa ndugu yangu Nakulabye, milango yetu ikiwa wazi na jirani akilinda kwa mbali.

Asubuhi, harufu ikiwa imekwisha kabisa na hakuna moto karibu, fundi aliutoa mtungi na jiko lake hadi uani. Alikataa katakata habari ya kiberiti. Wapo watu hapa mtaani wanaopima kwa njiti ya kiberiti, wakipitisha moto kwenye mpira waone utakapowaka. Yeye aliomba bakuli, maji, sabuni ya vyombo na sponji. Akakoroga mpaka maji yakawa mazito kiasi cha kung'ang'ania chuma bila kuchuruzika mara moja. Akafunga koki zote za jiko, ndipo akafungua regyuleta ili gesi ijae kwenye mpira, akaanza kupaka: shingo ya mtungi, pale regyuleta inapokaa, klipu ya mwanzo, mpira wote mpaka mwisho, klipu ya pili, koki za jiko.

Niliinama karibu nitazame. Povu linalotokana na kukoroga hukaa kimya, kisha hupasuka na kuisha. Lakini pale regyuleta ilipokutana na valvu, kitone kimoja kilivimba, kikapasuka, kikavimba kingine mahali palepale. Akapangusa, akapaka upya, akangoja. Kikarudi palepale.

Akafunga, akaing'oa regyuleta, akanionyesha ndani ya mdomo wa valvu. Kuna washa ya mpira, pete nyeusi nyembamba, na yangu ilikuwa imechanika upande mmoja. Hili ndilo ninalotaka kila anayebadilisha mitungi alijue: kwa mtungi wa aina hii pete hiyo huja na mtungi, haikai kwenye regyuleta. Waweza kuwa na jiko zuri na mpira mpya, na bado kila mtungi mpya ukakuletea pete nyingine, nzima au iliyochoka. Jiko langu halikuwa na tatizo lolote jana yake.

Kisha akapaka sabuni kwenye mdomo wa valvu uliobaki wazi. Hapakuvimba kitu, kumaanisha valvu yenyewe inafunga. Kama pangevimba, alisema, asingejaribu kuitengeneza: angeuvika kifuniko chake, angeusimamisha wima mahali pa wazi mbali na mtaro, na muuzaji angekuja kuuchukua. Pete nayo hakuibandika wala kuizungushia nailoni, kama wengine wafanyavyo. Mtungi ulirudishwa, ukaletwa mwingine.

Siku hizi mleta gesi haondoki mpaka nimepaka povu mbele yake na kungoja. Nnalongo naye, ambaye ana mtungi mdogo aliokuwa akiuogopa kuutumia, aliniomba nipime wake. Shingo ilikuwa salama. Vitone vilitokea chini ya klipu, mahali mpira ulipoanza kupasuka kwa kukunjwa. Mwanawe akaenda sokoni kununua mpira wa gesi na klipu mbili mpya, tukaufunga, tukapaka tena, tukangoja, na hapakuvimba kitu.