Meza ya Jibini Iliyonitoa Jasho Field

Wiki ya tatu ya field, kwenye hoteli moja hapa Dodoma, bosi aliniachia meza ya kuonjesha mvinyo. Wageni kumi na wawili, chupa za aina mbili: mwekundu mkavu wa zabibu za Makutupora, na mwekundu mtamu. Sahanini palikuwa na chokoleti ya maziwa, jibini ngumu ya chumvi, na ile yenye ukungu wa buluu. Nikaanza na chokoleti na mvinyo mkavu. Si vyote ni vya wakubwa? Vitaelewana tu.

Mgeni wa kwanza alionja mvinyo, akausifia. Akala chokoleti, akanywa tena, akakunja uso kama amemeza klorokwini. "Kijana, huu umeharibika?"

Haukuharibika. Jaribu hosteli: onja chai yako ya sukari, kula kashata, onja tena. Chai ile ile utadhani wamesahau sukari. Mvinyo mkavu hauna sukari ya kujitetea, kwa hiyo unabaki uchachu, uchungu na ukakasi wa tanini, ule unaokausha mdomo kama ndizi mbichi.

Bosi alikuwa ananiangalia kwa mbali, na yeye ndiye anayenijazia maksi. Dada mmoja wa jikoni akapita na kuninong'oneza, "Mdogo wangu, chokoleti ipe mvinyo mtamu. Huo mkavu upeleke kwa jibini ngumu."

Nikabadilisha. Kwa chokoleti, mvinyo inabidi uizidi utamu, au angalau ulingane nayo. Kwa jibini, chumvi ilifanya kazi tunayoijua sote kwenye embe bichi: ukali ukashuka, ladha ya tunda ikapanda. Mafuta na protini za jibini nazo hushikana na tanini, ukakasi unapungua. Mgeni yule yule akaomba aongezewe.

Hapo nikapata kichwa. Kama chumvi ndiyo dawa, basi jibini ya buluu, yenye chumvi kuliko zote, itafaa zaidi na mvinyo mkavu. Nikaonja mwenyewe kwanza, namshukuru Mungu. Ilikuwa kama kulamba sarafu. Jibini ile ina ukali na uchungu wake. Ukikutana na tanini, chumvi haitoshi kuwaamulia.

Nikaijaribu na mvinyo mtamu. Aisee! Sukari ilituliza chumvi, chumvi ikaondoa ule utamu unaokinaisha. Baadaye nikajua Wafaransa hula Roquefort na Sauternes, Waingereza hula Stilton na mvinyo wa Porto, yote mitamu.

Siku hizi naonja mvinyo, natafuna, halafu naonja tena kabla mdomo haujasafika. Mdomo wa pili ndio unaosema kweli. Bosi aliandika kwenye logibuku yangu: "Anajifunza, ila aonje kabla ya wageni."