Jibii moja iliishia Naivasha

Wasee, leo naandika nikiwa na aibu kidogo.

Wiki mbili zilizopita niliweka video nikiwaambia muingie kwa setingi za apu yenu ya muziki, mtafute Audio Quality, muweke Lossless. Nilisema kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba mtaskia tofauti siku hiyo hiyo. Sasa kuzo yangu anasoma Nakuru, na ni kati ya wale watu wachache huamini kila kitu nikisema. Ijumaa akapanda matatu ya kuja Nairobi, akanunua bando ya jibii moja, akavaa zile iafoni za Bluetooth nilimpea birthdei yake, akaanza safari na muziki wake. Kufika Naivasha, kimya. Akanipigia.

"Kuzo, jibii yangu imeenda wapi? Na hiyo tofauti yako mbona sijaiskia?"

Swali la kwanza ni hesabu tu. Apple wenyewe wanakadiria kwamba wimbo wa dakika 3 unakula MB 6 ukiwa kwa ubora wa juu wa kawaida, na MB 36 ukiwa Lossless. Hiyo MB 36 ukiigawa kwa dakika 3 ni MB 12 kila dakika. Jibii moja inakupea kama dakika 83. Toka Nakuru, ongeza jam ya Gilgil, umefika Naivasha na huna kitu. Kwa ubora ule wa kawaida angefika Nairobi, azunguke tao, na bado abaki na bando ya kutosha.

Swali la pili ndilo liliniuma, kwa sababu jibu ni kwamba hakuwa na njia ya kuiskia. Na mimi ndiye nilimnunulia zile iafoni.

Acha nieleze vile muziki unasafiri. Faili ya lossless, iwe FLAC au ALAC, ni kama shati umelikunja vizuri ndio litoshee kwa begi. Ukifika unalikunjua na liko zima, hakuna uzi umepotea. Simu ikipokea hiyo faili kutoka kwa mtandao inaikunjua yote. Kwa ubora wa CD, hapo ndani kuna vipimo 44,100 vya sauti kila sekunde, kila kipimo ni biti 16, na ni mara mbili kwa sababu kuna sikio la kushoto na la kulia. Zidisha utapata karibu kilobiti 1,411 kwa sekunde. Huo ndio muziki wenyewe.

Wengi wetu tunadhani simu sasa inachukua ile faili na kuirusha vile ilivyo hadi kwa masikio. Zii. Umewahi kuwa unaskiza ngoma halafu mesej ya WhatsApp inaingia na unaskia ile "ting" juu ya wimbo? Hiyo ting haikuwa kwa faili. Simu ilifungua wimbo, ikachanganya na ting, halafu ikapaki upya huo mchanganyiko ndio iutume kwa Bluetooth. Hiyo kazi ya kupaki upya ndiyo hufanywa na kitu kinaitwa kodeki, na hufanyika hata kama hakuna mesej imeingia.

Kodeki ya msingi inaitwa SBC. Kila simu na kila iafoni ya Bluetooth ya kuskiza muziki lazima iwe nayo, ndio vifaa viwili visikose kabisa kuelewana. Ikiwa kwa ubora wake wa juu unaotumika sana, SBC hupitisha karibu kilobiti 328 kwa sekunde. Linganisha na 1,411. Ni chini ya robo. Hapa hatukunji shati tena, tunakata mikono ndio litoshee. Wimbo wa dakika 3 unaotoka kwa simu ukienda kwa masikio kupitia SBC ni kama MB 7 hivi. Kuzo yangu alilipia MB 36 kila wimbo, masikio yakapata 7.

Nisiwe muongo lakini. Kodeki haitupi tu ovyo ovyo, inachagua kutupa vitu ambavyo sikio la binadamu halitavikosa sana. Ndio maana SBC kwa matatu inaweza kukuskikia poa tu. Shida yangu si kwamba muziki ulikuwa mbaya. Shida ni kwamba alilipia kitu ambacho kilibaki ndani ya simu.

Sasa utaniuliza, si Bluetooth ipitishe tu zote 1,411? Kwa karatasi inaweza. Redio ya Bluetooth inayotumika kwa muziki, ikienda mbio zaidi, inafika megabiti 3 kwa sekunde. Lakini toa anwani ya kila pakiti, toa zile nafasi za kungoja iafoni ijibu "nimepata," na unabaki na kama 2, tena siku hewa ikiwa safi. Hewa haiwi safi. Bluetooth inakaa kwa bendi ya gigahezi 2.4, pamoja na waifai nyingi na iafoni za kila mtu kwa hiyo matatu. Na mwili wako umejaa maji, na maji humeza hayo mawimbi, kwa hivyo simu ikiwa mfuko wa nyuma na iafoni iko sikio la upande ule mwingine, wewe mwenyewe ndiye ukuta. Pakiti ikipotea inabidi itumwe tena, na muziki haungoji. Hiyo nafasi ya kutuma tena ndiyo kodeki hukuachia kwa kutojaza barabara yote.

Kuna kodeki hujaribu kusukuma zaidi. Maarufu hapa kwetu ni LDAC ya Sony, ambayo inaweza kwenda kwa 330, 660 au 990. Tangu Android 8.0 ya 2017, upande wa kutuma LDAC umekuwa ndani ya Android yenyewe, ingawa kampuni ya simu inaweza kuamua kuiacha nje. Lakini simu ni nusu tu ya mkataba. Iafoni na simu zikikutana ni kama watu wawili stejini. Mmoja anajua Kijaluo na Kiswahili, mwingine anajua Kikamba na Kiswahili. Wataongea Kiswahili, hata kama kila mmoja anajieleza vizuri zaidi kwa lugha ya kwao. SBC ndiyo hicho Kiswahili.

Jumamosi kuzo akiwa kwangu tulijaribu hii kitu. Ukitaka kufanya hivyo, ingia Settings, About phone, halafu guza Build number mara 7 hadi simu ikuambie wewe ni devilopa. (Hauharibu kitu, tulia.) Simu zingine zimeificha ndani kidogo, kwa Software information. Sasa kuna sehemu mpya inaitwa Developer options, na ndani yake Bluetooth Audio Codec. Ifungue iafoni zikiwa zimeunganishwa na wimbo unacheza, la sivyo haikuonyeshi ukweli.

Simu yake na iafoni zake: SBC. Zingine zote zilikuwa za kijivu, hazibonyezeki. Tukachukua iafoni zile zile, tukaziweka kwa simu yangu ambayo ina LDAC. Bado SBC. Nikatoa iafoni zangu za LDAC, tukaziunganisha na iPhone ya jirani. Hapo hakuna menyu kama hiyo, lakini iPhone kwa Bluetooth hutumia AAC au SBC peke yake, na AAC yake ni karibu 256. Pesa yote niliweka kwa LDAC haikumfaidi jirani kitu. Ni mpaka simu yangu ilipokutana na iafoni zangu ndipo LDAC ilikubali, na hata hapo nilikuwa nimesahau kwamba kwa iafoni nyingi lazima kwanza uiwashe kwa apu yake, na uzime ile ya kuunganisha simu mbili kwa wakati mmoja.

Tukarudi kwa boksi ya iafoni zake. Juu imeandikwa "HiFi" kwa herufi za dhahabu, chini "Bluetooth 5.3." Duka ndio lilinishika hapo, kwa sababu nilidhani namba kubwa ni sauti kubwa. Hiyo 5.3 haikuambii kodeki. Mstari wa maana ulikuwa kando, kwa herufi za kuhitaji miwani: Audio codec: SBC. Manze, ulikuwa hapo siku zote.

Na hata LDAC, kabla hujakimbia kununua. Nilifunga yangu kwa 990, nikaweka simu mfuko wa nyuma, nikatembea kwenda stejini. Kwa njia ya kwetu ilikuwa tamu. Kufika penye matatu na maduka, sauti ikaanza kukatika kama redio ya mlimani. Nikairudisha kwa Best effort, ile hujipangia kasi yenyewe, ikatulia. Lakini ikitulia hivyo inaweza kuwa imeshuka hadi 330, na hapo uko jirani tu na SBC. Na 990 yenyewe bado si 1,411. LDAC kwa kasi hizo tatu hupunguza, hupunguza kidogo tu kuliko wengine.

Iko moja hupitisha ubora wa CD bila kupoteza, inaitwa aptX Lossless ya Qualcomm. Lakini inataka simu yenye chipu ya Snapdragon inayoikubali, na iafoni zenye chipu inayoikubali pia, na hewa nzuri. Hewa ikichafuka inashuka na kuanza kupunguza kama wengine. Simu nyingi tunazobeba hapa zina chipu za MediaTek au Unisoc, kwa hivyo mlango wa kwanza tu umefungwa.

Kilichonichekesha ni kwamba simu ya kuzo, ile ya bei ya chini, ina tundu la iafoni za waya. Yangu haina. Tulichomeka waya wa bob 300, tukaweka Lossless, na hapo hakuna kodeki ya Bluetooth njiani. Ile faili ilifika nzima. Sasa kama spika ndogo za bob 300 zinaweza kuionyesha, hiyo ni stori ingine. Nilifunga macho, yeye akawa anabadilisha Lossless na ile ya kawaida bila kuniambia. Kati ya mara 10 nilipata 6. Ungerusha sarafu ungenikaribia.

Ile video nimeitoa. Jumapili kuzo alirudi Nakuru na jibii moja nilimnunulia mimi, Lossless ikiwa imezimwa kwa upande wa data. Aliniandikia akiwa amefika hosteli: zimebaki MB 700, na ati nimnunulie iafoni zingine.